Barua ya mjane kuhusu malipo ya bima: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Barua iliyo hapa chini nililetewa na mama mmoja miezi mitatu baada ya kumzika mumewe. Ameridhia itumike. Majina nimeyaondoa, na fedha zote nimezigeuza kutoka sarafu kuwa miezi, kwa sababu nitakayoieleza. Maswali yanayofuata ni yale ambayo wajane, na wagane pia, huniuliza kila mara wakiwa na karatasi ya bima mkononi.

*Ndugu mshauri,*

*Nina miaka 41. Mume wangu alifariki miezi mitatu iliyopita, na wiki iliyopita kampuni ya bima imenilipa fao lote kwa mkupuo. Kwa matumizi yetu ya sasa, fedha hii ingetuweka miezi 150 bila mtu kufanya kazi. Mimi nimeajiriwa, mshahara wangu unabeba nyumba nusu na kidogo.*

*Watoto ni watatu: miaka 16, 11 na 6. Mama yangu mzazi ana miaka 70, naishi naye na dawa zake ni juu yangu. Mdogo wa marehemu yuko chuo, kaka yake ndiye aliyekuwa akimlipia, na amebakiza mwaka mmoja. Nyumba tunayokaa ina mkopo. Uliobaki ni sawa na miezi 22 ya matumizi yetu.*

*Nataka watoto wasome mpaka chuo. Nataka kulipa mkopo wote, hata kesho. Kuna nyumba ya kupangisha inauzwa, bei yake ni miezi 60, naitaka. Na sitaki kuwa mzigo kwa wanangu nikizeeka. Shemeji mwingine anasema fedha isilale, niiweke kwenye biashara yake.*

*Nipangie. Nitafanya utakachosema.*

Kwa nini hesabu iwe kwa miezi na si kwa fedha?

Kwa sababu fao la bima likionekana kwa tarakimu za benki linatisha au linalevya. Mtu aliyezoea mshahara wa mwezi hajawahi kuona sifuri nyingi namna hiyo zikiwa na jina lake. Ukiligawa kwa matumizi ya nyumba ya mwezi mmoja, linakuwa kitu anachokifahamu. Miezi 150 ni miaka 12 na nusu. Mtoto wa mwisho ana miaka 6. Hapo mama mwenyewe anaona kwamba fedha hii ikiliwa tu, bila mshahara wake kuchangia, itakwisha mtoto akiwa na miaka 18 na nusu, kabla hajamaliza chuo.

Kuna faida nyingine ya kupima hivyo. Bei hupanda, na matumizi ya mwezi hupanda nayo. Mpango ulioandikwa kwa fedha unachakaa baada ya miaka miwili. Ulioandikwa kwa miezi unahitaji kusahihishwa sehemu moja tu, yaani thamani ya mwezi mmoja.

Mwezi mmoja wa matumizi unapatikanaje?

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu huchukua matumizi ya enzi za mume na kuyaacha yalivyo. Nilimwomba mama huyu aje na taarifa za benki na za simu za miezi mitatu ya mwisho kabla ya msiba. Alikuja nazo, pamoja na daftari la shule la mtoto ambalo kurasa za nyuma alikuwa amezipiga mistari. Tukaondoa vya marehemu peke yake: nauli yake, chakula chake cha kazini, mchango wa klabu yake. Kisha tukaongeza yale aliyokuwa akiyafanya bure. Alikuwa akiwapeleka watoto shule kwa gari lake asubuhi. Sasa kuna basi la kulipia. Alikuwa akitengeneza mabomba mwenyewe. Sasa anaitwa fundi. Gharama za mara moja kwa mwaka, kama bima ya gari na sare, tuligawa kwa 12.

Ada na marejesho ya mkopo tuliviweka kando, maana hivyo vina mwisho unaojulikana. Kilichobaki ndicho "mwezi 1".

Kwenye daftari, mstari wa laini ya simu ya marehemu ulikuwa umekatwa kwa kalamu. Nikamwambia aurudishe kwa muda. Laini hiyo ndiyo inayopokea ujumbe wa makato ya kila mwezi, na makato ndiyo yanayofichua bima nyingine, hisa, au vikoba ambavyo mke hakuvijua. Kusoma ujumbe ni jambo moja, lakini kutoa fedha kwenye akaunti ya marehemu kwa kutumia laini hiyo ni jambo jingine kabisa na linaweza kuwa kosa la jinai. Akaunti hizo hufunguliwa na msimamizi wa mirathi.

Barua imeeleza kila kitu. Kuna kinachokosekana?

Vitu vitatu, na ndivyo vilivyogeuza mpango wote. Barua haisemi kama mkopo wa nyumba ulikuwa na bima yake. Haisemi kama marehemu alikuwa akichangia mfuko wa pensheni. Na haimtaji mwandishi mwenyewe kama mtu anayeweza kuugua au kufa.

Simlaumu. Mtu aliyefiwa huandika anachokiona mezani, na mezani kuna fao na watu wanaomtazama.

Nianze kwa kulipa mkopo wa nyumba?

Usilipe hata senti kabla hujasoma mkataba wa mkopo. Mikopo mingi ya nyumba, na mikopo mingi ya mishahara, hutolewa ikiwa na bima ya maisha ya mkopaji. Akifa, bima ndiyo inayolipa deni lililobaki. Ada yake mara nyingi hukatwa siku ya kwanza, kwa hiyo dalili iko kwenye karatasi ya kutolewa mkopo: fedha iliyoingia kwenye akaunti ni pungufu kuliko kiasi cha mkopo, na kati ya makato kuna mstari wenye neno bima.

Kwa mama huyu mstari huo ulikuwepo. Yeye alikuwa ameendelea kulipa marejesho miezi mitatu tangu mumewe afe, na hakuna mtu wa benki aliyemwambia kitu, kwa sababu benki haikuwa na taarifa ya kifo. Alipeleka cheti cha kifo na fomu ya madai. Deni lililohesabiwa ni lile la siku ya kifo, na marejesho matatu aliyolipa baada ya hapo akarudishiwa. Miezi 22 ikabaki mfukoni mwake.

Si kila mara inakwenda vizuri hivyo. Kama mkopo umechukuliwa na watu wawili, bima huenda imemkatia kila mmoja nusu, na nusu ya aliyebaki hai inaendelea. Malimbikizo ya kabla ya kifo kwa kawaida hayamo. Na madai yana muda wake, umeandikwa kwenye mkataba. Anayekuja baada ya miaka miwili anaweza kukuta mlango umefungwa.

Kama bima haipo, ndipo swali la kulipa mapema linapokuwa na maana. Linganisha riba ya mkopo na faida ambayo fedha hiyo ingepata mahali salama. Kwa kawaida riba ya mkopo ndiyo kubwa, na hapo kulipa ni uwekezaji mzuri kuliko mwingi utakaoonyeshwa. Uliza tu kama kuna adhabu ya kumaliza mapema.

Wadai wengine wa marehemu wanakuja nyumbani. Niwalipe kutoka kwenye fao?

Katika nchi nyingi fao linalolipwa kwa mnufaika aliyeandikwa kwenye bima ni mali yake yeye, haliingii kwenye mirathi. Madeni ya marehemu hulipwa na mirathi, kupitia msimamizi, kwa utaratibu wake. Unadaiwa wewe binafsi pale tu ulipotia sahihi, iwe kama mkopaji mwenza au mdhamini. Anayekuja na karatasi, mwambie aipeleke kwa msimamizi wa mirathi. Anayekuja bila karatasi, mwambie hivyo hivyo. Kwa kuwa sheria zinatofautiana, saa moja ya wakili hapa ni gharama ndogo.

Pengo la matumizi ni nini, na linahesabiwaje?

Pengo ni matumizi ya mwezi ukitoa kila kinachoingia bila kugusa fao. Mshahara wa mama huyu ulibeba 0.55 ya mwezi. Tulipouliza mfuko wa pensheni wa marehemu, ikaonekana kuna pensheni ya wategemezi ambayo hakuwa ameiomba: 0.10 ya mwezi, hadi mtoto wa mwisho atakapofika miaka 18. Mifuko haimtafuti mtu. Mtu ndiye anayeitafuta.

Kwa hiyo 1 kutoa 0.55 kutoa 0.10 ni 0.35. Hicho ndicho fao linatakiwa kuleta kila mwezi. Kwa miaka 12, yaani miezi 144, ni kama miezi 50. Baada ya hapo watoto wamepungua nyumbani, matumizi tukayakadiria 0.7, pensheni ya wategemezi imekwisha, na pengo ni 0.15 kwa miaka saba iliyobaki hadi astaafu akiwa na 60. Hiyo ni miezi 13.

Nimefanya hesabu hii kana kwamba faida ya uwekezaji inafidia kupanda kwa bei tu na haiongezi kitu. Ni makusudi. Ikiongeza, ni heri. Mpango unaosimama tu kama faida ni kubwa si mpango.

Je, fedha yote ikigawanywa, inatosha?

Tuiweke mezani. Madeni ya msiba na gharama za kufuatilia karatasi ni miezi 2. Mwaka wa mwisho wa shemeji chuoni ni miezi 2; nilimwuliza kama anautaka kweli au anaona aibu, akajibu anautaka, kwa sababu kijana akimaliza ataweza kumsaidia nyanya na watoto. Akiba ya dharura ni miezi 6. Ada za watoto watatu mpaka chuo, kwa viwango vya shule wanazosoma sasa, ni miezi 40. Pengo la miaka 12 ni 50, na la miaka saba ni 13.

Jumla ni 113. Kama angelipa mkopo mwenyewe ingekuwa 135, na kwa ajili ya uzee wake zingebaki 15. Bima ya mkopo ilipolipa, zimebaki 37. Hiyo 37 ndiyo yake ya uzeeni, ikiwa na miaka 19 ya kukua kabla hajaigusa, juu ya pensheni yake ya kazini.

Angalia tarakimu ya ada. Ni 40 kati ya 150, na ndiyo inayoweza kuyumba kuliko zote. Ada za shule zina tabia ya kupanda haraka kuliko bei nyingine, na mtoto wa miaka 6 hajafika hata nusu ya safari. Kila mwaka nitakapokutana naye, mstari wa kwanza tutakaousahihisha ni huo.

Nyumba ya kupangisha ninunue?

Hili ndilo swali lililomleta, na jibu langu lilimshangaza: si wazo baya. Ni wazo la baadaye kidogo, na lina masharti.

Nyumba ni miezi 60. Muuzaji alisema kodi, baada ya ukarabati na ushuru, inaacha 0.25 ya mwezi. Basi tufanye hesabu. Ukitoa 60 kwenye 150 inabaki 90. Ukitoa msiba, shemeji, dharura na ada, yaani 50, inabaki 40. Kodi ikija yote, pengo la 0.35 linashuka hadi 0.10, na miaka 12 inahitaji kama 14 tu. Inabaki 26, na nyumba ni yake. Ile miaka saba ya mwisho, kodi peke yake inaziba pengo.

Sasa tuitese hesabu hiyo. Tuseme kodi inakuja nusu, kwa sababu mpangaji mmoja halipi na chumba kingine kiko wazi. Pengo ni 0.225, miaka 12 inakula 32, na miaka saba inayofuata inakula kama 2. Kwenye ile 40 zinabaki 6. Finyu, lakini hakuna mtoto aliyeacha shule.

Rudia hesabu hiyo hiyo ukiwa umelipa mkopo wa miezi 22 kwa fedha yako. Ile 6 inageuka kuwa upungufu wa 16. Upungufu huo utaonekana mwaka wa tisa au wa kumi, wakati wa ada za chuo za mtoto wa pili, na mama atalazimika kuuza nyumba kwa haraka. Nyumba inayouzwa kwa haraka haipati bei yake.

Kwa hiyo swali la nyumba lilikuwa limefungwa ndani ya swali la bima ya mkopo, ambalo barua haikuliuliza. Ndiyo maana huwa sijibu kitu chochote kuhusu kununua kabla karatasi zote hazijafika.

Sharti jingine ni ushahidi wa kodi. Neno la muuzaji si ushahidi. Omba stakabadhi au taarifa ya benki ya miezi 12 inayoonyesha kodi ikiingia, zungumza na wapangaji mwenyewe, na mpeleke fundi apande darini. Hati ikaguliwe kwenye ofisi ya ardhi na wakili wako, si wa muuzaji.

Fedha ikae wapi wakati nafikiri?

Miezi sita ya kwanza usinunue kitu kisichoweza kurudishwa. Hii si kwa sababu ya huzuni peke yake, ingawa huzuni huvuruga hesabu za mtu kuliko anavyojua. Ni kwamba karatasi huchukua muda huo kurudi: mfuko wa pensheni, benki, mwajiri, mirathi.

Kwa kipindi hicho weka fedha kwenye akaunti ya akiba na amana za muda maalumu za miezi mitatu na sita. Igawe benki mbili au tatu. Penye bima ya amana, benki ikifilisika bima hiyo hulipa mpaka kiwango fulani kwa kila mteja katika kila benki, na fao kubwa likikaa sehemu moja hupita kiwango hicho kirahisi. Kiwango kinaandikwa kwenye tangazo linalobandikwa benki, soma.

Amana ina faida isiyoandikwa kwenye vipeperushi: mtu akija kukopa unamjibu kwa kweli kabisa kwamba fedha imefungwa.

Na baada ya miezi sita?

Panga kwa muda itakapohitajika. Ya mwaka huu, pamoja na akiba ya dharura, ikae kwenye akaunti unayoweza kuifikia. Kwa mama huyu ni kama miezi 13. Ya mwaka wa pili hadi wa tano, kama 30, tuliiweka kwenye amana na dhamana za serikali za muda mfupi zinazoiva kwa zamu, moja kila mwaka, mwezi mmoja kabla ya ada. Inayoiva inashuka kwenye akaunti ya matumizi.

Iliyobaki, kama 103, haihitajiki kabla ya mwaka wa sita. Hiyo ndiyo inayoweza kwenda kwenye hatifungani za muda mrefu na mifuko ya uwekezaji wa pamoja yenye hisa kiasi, na nyumba ikinunuliwa inatoka humo. Watu huogopa hisa, na wana haki, maana zinaweza kushuka vibaya na kukaa chini miaka kadhaa. Lakini kuzikwepa kabisa nako kuna bei. Bei zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, fedha isiyopata kitu hupoteza nusu ya nguvu yake ndani ya miaka kama 12. Mtoto wa mwisho ndiyo kwanza ataanza chuo.

Kisha jilipe mshahara. Agizo la kudumu linahamisha 0.35 ya mwezi tarehe ile ile mshahara wako unapoingia, kutoka akaunti ya fao kwenda ya matumizi. Kadi ya benki iwe ya akaunti ya matumizi tu. Ukiona unahamisha nyingine katikati ya mwezi, mara mbili au tatu mfululizo, basi ama mwezi 1 ulikadiriwa chini, ama kuna mtu anakula.

Shemeji anasema fedha isilale.

Fedha iliyo kwenye dhamana hailali. Lakini najua swali si hilo, swali ni namna ya kusema hapana bila kuvunja undugu.

Mweleze kwamba fao limegawanywa kwa majina ya watoto na miaka yao, na mwoneshe ukurasa wa ada ukibidi, bila jumla. Ukitaka kumsaidia, toa kiasi ambacho kisiporudi hakitagusa mstari wowote, na ukitoe kama zawadi. Kwenye mpango huu hakuna mstari wa namna hiyo isipokuwa ile 37 ya uzee. Nilimwambia hivyo hivyo: kila mwezi 1 unaompa shemeji unajinyima wewe mwenyewe ukiwa na miaka 75. Alikaa kimya, akafunga daftari, akasema atamjibu mwenyewe.

Kingine, usitaje kiasi kwa mtu. Matapeli husoma matangazo ya vifo kama wengine wanavyosoma matangazo ya kazi.

Mimi nina haja gani ya bima tena?

Kubwa kuliko mwanzo. Zamani nyumba ilisimama juu ya mishahara miwili, sasa ni mmoja. Mshahara wa 0.55 kwa miezi 144 ni kama miezi 79 ambayo watoto wanaitegemea bila kujua. Mama huyu kazini ana bima ya kikundi inayolipa mishahara ya miaka mitatu, sawa na 20. Iliyobaki, kama 60, tulitafuta bima ya maisha ya muda, ya miaka 12, isiyo na akiba ndani yake, kwa sababu ndiyo yenye ada ndogo. Pamoja nayo akatafuta ya ulemavu, maana kuna kuugua kusikoua.

Kisha fomu. Nilimwomba aende ofisi ya utumishi aombe kuona jina la mnufaika wake. Kwenye bima ya kikundi lilikuwa la mumewe. Kwenye mfuko wa pensheni, la mumewe. Angekufa mwezi ule, familia ingeanza safari ndefu ya kuthibitisha warithi. Akabadilisha, akaandika wosia, akamtaja mlezi wa watoto na mtu mwingine wa kusimamia fedha zao. Afadhali wawe wawili tofauti: anayemlea mtoto asiwe peke yake anayeshika daftari.

Kampuni ya bima inanipa chaguo: mkupuo au malipo ya kila mwezi. Lipi?

Uliza maswali mawili. Je, malipo ya kila mwezi yanapanda bei zikipanda? Na ukifa mapema, iliyobaki inaenda kwa nani? Kama hayapandi na iliyobaki inapotea, chukua mkupuo. Kama unajijua mkono wako hauzuiliki, au una watu wasiozuilika, malipo ya mwezi yana thamani ambayo hesabu haiioni. Ila mikataba mingi ya namna hiyo haivunjiki ukishatia sahihi.

Kodi ya serikali inakata?

Mara nyingi fao lenyewe la kifo halitozwi kama mapato, lakini faida inayozaa baada ya hapo hutozwa. Thibitisha kwa mamlaka ya kodi ya nchi yako, na upate jibu la maandishi.

Nitamjuaje mshauri wa kuamini?

Mwulize analipwa na nani. Anayelipwa kamisheni na wauzaji si lazima awe mbaya, lakini jibu lake kuhusu bidhaa ile unalipima kwa mizani nyingine. Namba ya leseni yake itafute mwenyewe kwenye orodha ya msimamizi wa masoko ya fedha. Fedha isipite kwenye akaunti yake hata siku moja. Inatoka kwako inaenda benki au kwenye mfuko, kwa jina lako. Anayekuahidi faida ya uhakika kuliko ya dhamana za serikali, mwache amalize chai yake aende.

Na usimwandikie mtu yeyote "nitafanya utakachosema". Nilimrudishia mama barua yake nikiwa nimepigia mstari sentensi hiyo tu.

Ile nyumba alinunua?

Bado. Mwezi wa nane alimwomba muuzaji stakabadhi za mwaka mzima. Zilikuja za miezi tisa. Mitatu nyumba ilikuwa tupu. Ile 0.25 ikawa 0.19. Fundi naye alipanda darini akashuka na kipande cha mbao kilichobomoka vidoleni. Mama akatoa ofa ya miezi 48, muuzaji akakataa. Wiki iliyopita kanipigia kuuliza amana ya miezi sita imeiva, airudishe kwa miezi mingapi. Nikamwambia mitatu, maana muuzaji amempigia tena.